Pima, Sai

Nimefundisha fizikia miaka kumi na tisa na sikuwahi kushtushwa na karatasi. Wanafunzi huniletea maajabu kila muhula. Mmoja alipata kwamba jiwe lililodondoshwa kutoka ghorofa ya tatu hupanda juu. Mwingine alipima sufuria ya maji akaipa joto la jua. Nachora mstari mwekundu, nakunywa chai yangu, naendelea. Lakini Alhamisi ile, ofisini kwangu Kisii mjini, niliweka karatasi mbili sambamba mezani na chai ikapoa bila kuguswa.

Karatasi ya kwanza ilitoka kwa fundi wetu wa maabara, aliyekuwa amekaa Kisii chuoni. Ya pili ilitoka kwa mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, aliyekuwa Nyaramba. Kila karatasi ilikuwa na majibu mia moja na ishirini, sifuri au moja, yaliyopangwa kwa nambari za majaribio. Yalipaswa kulingana. Jibu la kwanza la Kisii kama la kwanza la Nyaramba, la pili kama la pili, hadi mwisho, labda machache yateleze. Nilihesabu mara mbili. Yaliyolingana yalikuwa sitini na matatu, yasiyolingana hamsini na saba. Ukirusha shilingi mbili hewani siku nzima utapata hivyo hivyo.

Utetezi wa tasnifu yake ulikuwa umebaki siku kumi na mbili.

Mwanafunzi huyo alikuwa mwalimu wa shule ya upili, mama wa watoto watatu, ameshika vipindi ishirini na saba kwa wiki, na alisoma shahada yake kwa vipande: likizo, Jumapili, saa ya mapumziko. Nilimwita Mwalimu, naye akaniita Daktari, na kwa miaka mitatu hatukuwahi kupata sababu ya kuitana vingine. Alikuwa mtaratibu mpaka ananiudhi. Mimi ni mtu wa haraka na hasira zangu ziko karibu, hilo kila mtu kwenye idara analijua, na wengine hulizungumza hata nikiwa nasikia. Shahada ile ndiyo ingemtoa darasani na kumpa kazi ya uhadhiri msaidizi ambayo chuo kilikuwa kimemwekea, kwa sharti kwamba amalize mwaka huo. Asipomaliza, nafasi ingeenda kwa mwingine. Sote wawili tulilijua hilo.

Kazi yake ilihusu namna ya kupeleka mfungamano wa kwanta mbali. Chembe mbili za mwanga zinaweza kuzaliwa zikiwa zimefungamana, hata ukizitenganisha majibu yao yanaoana kwa namna ambayo mipango ya siri ya kabla haiwezi kuieleza. Shida ni safari. Ndani ya faiba, ule uzi wa kioo, mwanga hupotea, na kadiri faiba inavyorefuka ndivyo chembe zinazofika zinavyopungua, mpaka unangoja siku nzima kupata moja. Kwenye simu za kawaida tunaweka mtambo njiani unaosoma ishara iliyofifia na kuitoa upya kwa nguvu. Kwa chembe hizi huwezi. Ukiisoma umeiharibu, na kunakili hali yake usiyoijua hakuwezekani hata ukiwa na mtambo wa malaika.

Kwa hiyo njia ndefu inakatwa vipande vifupi. Unafungamanisha Kisii na Keroka. Unafungamanisha Keroka na Nyaramba. Sasa Keroka ana chembe mbili mkononi, moja ndugu wa ile ya Kisii, nyingine ndugu wa ile ya Nyaramba. Anazipima hizo mbili kwa pamoja, kipimo kimoja kinachouliza mnahusianaje bila kuuliza kila moja wewe ni nani. Mfungamano wa zamani unavunjika pande zote mbili, na papo hapo chembe ya Kisii na ya Nyaramba, ambazo hazijawahi kukutana popote, zinakuwa zimefungamana zenyewe. Unganisha vituo vingi vya namna hiyo na unaweza kufika mbali sana. Sura yake ya nne ilikuwa na mnyororo wa vituo vinane, wote kwenye kompyuta.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi hulisahau, nami hulirudia mpaka nachosha. Kipimo kile cha kati kina majibu manne, na huwezi kuchagua litoke lipi. Kila jibu linaacha chembe za mbali zimefungamana, ila kwa mtindo wake. Mitindo hiyo tunaiandika kwa herufi za Kigiriki, miwili fai na miwili sai. Ikitoka fai, ukipima kwa namna ya wima, majibu ya mwisho yanafanana. Ikitoka sai, yanapingana: huku sifuri, kule moja. Kwa hiyo kituo cha kati lazima kiwaambie wa mwisho kilipata nini, kwa ujumbe wa kawaida kabisa, wa simu au wa barua, ili mmoja wao ageuze chembe yake kabla ya kuipima. Bila ujumbe huo hawana kitu cha kutumia. Wana mfungamano lakini hawajui ni upi, na majibu yao yakiwekwa pamoja yanaonekana takataka.

Hayo nimeyafundisha kwa mdomo wangu. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Sisi hatukuwa na chembe za kweli. Mitambo hiyo ni ya maabara za wenzetu. Tulikuwa na programu aliyoiandika yeye, nzuri kuliko zote nilizowahi kusimamia, inayofuata kanuni zote na kuhifadhi chembe katika kumbukumbu inayochakaa kadiri unavyochelewa kupima. Programu ilipokea jibu la kati na kugeuza yenyewe inapobidi. Sura za mwanzo zilipimwa kwa namna ya wima na ya mshazari, na mfungamano ukathibitika. Lakini mimi nilitaka sura ya mwisho ifanywe na watu. Nilimwambia kwamba mashine moja inayojua majibu ya vituo vyote ni kama mtahini anayejifanyia mtihani wake mwenyewe. Tukae vituo vitatu kweli, kila mtu aone chake tu, na ujumbe wa kati uende kwa simu. Tupime kwa wima peke yake, tuone kazi ya ujumbe na basi.

Fundi akakaa Kisii. Mimi nikakaa Keroka, ambako ni kwangu, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mke wangu la dawa za mifugo. Yeye akakaa Nyaramba, kwenye maabara ya kompyuta ya shule yake, Jumanne na Jumatano.

Tulikubaliana kwenye ukumbi wa ghorofa ya chini, nikiwa nakimbilia darasa. Nilimwambia Jumatatu jioni nitamtumia toleo jipya la programu. Nikamweleza ujumbe utakavyokuwa. Kwenye simu mimi ni bahili wa maneno, mke wangu hulalamika miaka yote. Nilikuwa nimewaza hivi: fai haina kazi ya kufanya, kwa hiyo ikitoka fai nitamwandikia apime tu, na ikitoka sai nitaitaja, naye atageuza kisha apime.

"Nikiandika pima, pima," nilimwambia. "Nikiandika sai, ni sai."

"Sawa, Daktari," alisema.

Hayo ndiyo yalikuwa maelekezo yangu yote.

Siku mbili hizo zilikwenda vizuri. Ng'ombe wa watu waliletewa dawa upande wa mbele, mimi nyuma nabonyeza, natazama jibu, naandika neno, natuma. Pima. Sai. Sai. Pima. Nilijisikia mtu wa maana. Jumatano alasiri nikampigia mke wangu kelele za furaha kwamba tumemaliza, naye akaniuliza kama sasa ninaweza kumshushia magunia.

Alhamisi ndipo karatasi zikaja.

Sasa nieleze nilichofikiri, maana aibu yangu yote iko hapo. Sikufikiri kwamba programu imekosea. Nilikuwa nimeipitia mstari kwa mstari. Sikufikiri kwamba mimi nimekosea, wazo hilo halikupita hata mlangoni. Nilifikiri juu ya vipindi ishirini na saba, na watoto watatu, na mitihani ya kusahihisha. Nilifikiri: mama huyu hakukaa kwenye hiyo kompyuta. Mtu akitunga sifuri na moja bila kuona karatasi ya upande wa pili, atapata nusu kwa nusu. Nilikuwa nimeona udanganyifu wa wanafunzi kwa miaka kumi na tisa, na huu ulikuwa na sura ile ile.

Alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, mkoba bado begani, akitabasamu kidogo kwa kuwa alidhani nahesabu ili nimpongeze. Fundi alikuwa dirishani. Nikamuuliza alikuwa wapi Jumanne na Jumatano. Akasema shuleni, kwenye kompyuta. Nikamuuliza tena, kwa sauti ambayo ofisi ya jirani waliisikia, kwa sababu baadaye walinieleza. Nikamgeuzia karatasi zote mbili.

"Haya umeyatunga, Mwalimu."

Alizitazama. Niliona uso wake ukibadilika, nami, Mungu anisamehe, nikalisoma badiliko lile kuwa ni la mtu aliyeshikwa. Alipitisha kidole kwenye safu ya kwanza, polepole, kisha ya pili.

"Yaya," alisema. Hiyo ndiyo hapana ya kwetu, na hakuwahi kuzungumza nami Ekegusii ofisini hata siku moja. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Sijatunga hata moja."

Nilimwambia basi anieleze. Akasema hajui, hawezi kueleza, naye pia ameshangaa. Nikamwambia mshangao hauwezi kuandikwa kwenye tasnifu. Fundi akakohoa. Yule mama akatoa daftari lake la mazoezi kwenye mkoba, lile alilokuwa akiandikia siku zile mbili, akaliweka juu ya karatasi zangu, akatoka bila kufunga mlango. Sikulifungua. Niliketi nikaandika barua kwa mkuu wa idara, ukurasa mmoja na robo, kwamba mtahiniwa amewasilisha data ya kubuni na kwamba naondoa idhini yangu ya utetezi. Ijumaa asubuhi niliipeleka kwa mkono. Mkuu wa idara aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akasema kamati inakutana Jumatatu.

Jumamosi nilikaa chumba cha nyuma cha duka kutengeneza ushahidi. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu Jumatatu niingie na jedwali safi, lisilo na mahali pa kupenya, maana nilijua kwenye kamati kuna watu wanaompenda. Nikaona nitazame pia majibu ya kituo changu mwenyewe. Nitayagawa majaribio mafungu mawili, yale niliyoandika pima na yale niliyoandika sai, nionyeshe kwamba hata hivyo hakuna mpangilio wowote, ni vurugu tupu. Nikafungua simu, nikaanza kunakili neno moja moja.

Fungu la pima lilikuwa na majaribio sitini na mawili. Yaliyolingana yalikuwa sitini na moja.

Niliacha kalamu. Nikainuka, nikanywa maji, nikarudi. Fungu la sai lilikuwa hamsini na nane. Yaliyopingana, huku sifuri kule moja, huku moja kule sifuri, yalikuwa hamsini na sita.

Sijui nieleze vipi. Nimesoma habari za jambo hili tangu nikiwa kijana, nimelichora ubaoni mara zisizo na idadi, na sikuwahi kuliona likinitazama hivyo. Karatasi zile mbili ambazo Alhamisi zilikuwa takataka, hazikuwa zimebadilika hata tarakimu moja. Kitu pekee nilichoongeza ni maneno yangu mwenyewe kutoka kwenye simu yangu mwenyewe. Mfungamano ulikuwemo muda wote. Nilisikia mke wangu akimweleza mteja kipimo cha dawa ya kupe na sauti yake ilikuwa kana kwamba inatoka mtaa mwingine.

Maana fikiria. Mwalimu hakuwa ameiona karatasi ya Kisii. Kama angekuwa ametunga, angewezaje kukosea hamsini na sita kati ya hamsini na nane, na kukosea katika yale yale tu ambayo mimi, nikiwa Keroka, nilikuwa nimepata sai? Hakuna mwongo duniani anayeweza. Kila jibu lililopingana lilikuwa linaapa kwamba alikuwa amekaa pale, amebonyeza, ameandika alichokiona. Alichofanya ni kwamba hakugeuza. Hata mara moja.

Ndipo nikafungua daftari lake. Alikuwa ameandika kwa kila jaribio saa ya ujumbe wangu na saa aliyobonyeza, kwa sekunde, mwandiko wa ubaoni. Pembeni mwa majaribio sita alikuwa ameweka maelezo ya kuchelewa. Kengele. Mkuu wa shule ameniita. Mwanafunzi ameanguka mstarini. Yale matatu yaliyonitokea kinyume, moja la pima na mawili ya sai, yote yalikuwa miongoni mwa hayo sita. Kumbukumbu ya programu ilikuwa imechakaa akimshughulikia mtoto wa mtu.

Na juu ya ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika maelekezo yangu, kama alivyoyaelewa, ili asikosee: "Pima = pima. Sai = pima haraka, kumbukumbu inaisha."

Nililitazama neno lile mpaka likaacha kuwa neno. Kwetu huku, kutoka sokoni hadi ofisini, sai ni saa hii. Njoo sai. Lipa sai. Nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu: nikiandika sai, ni sai. Mwanamke aliyetumia miaka miwili kuhesabu jinsi chembe inavyoharibika ikingojeshwa, angesikia nini kingine? Nami Alhamisi sikumuuliza alielewa nini. Nikatafuta ujumbe wa Jumatatu jioni niliomtumia pamoja na toleo jipya, lile ambalo nilikuwa nimeliondolea sehemu ya kugeuza yenyewe. Nilikuwa nimeandika: "Hii mpya haifanyi chochote yenyewe." Nilimaanisha geuza kwa mkono wako. Yeye alielewa kwamba sasa lazima abonyeze kupima, na kwamba kugeuza kunaendelea ndani kama zamani. Mara hamsini na nane nilimpelekea ujumbe ambao bila huo hakuna kinachoeleweka, na mara hamsini na nane ulifika ukiwa mtupu.

Nilimpigia simu. Imezimwa. Nilipiga tena kama mjinga. Yeye ni Msabato, simu hulala tangu jua linapozama Ijumaa, na hilo nalo nilikuwa nalijua miaka mitatu. Nikamwambia mke wangu naenda Nyaramba. Aliniuliza nani amefariki, kwa jinsi uso wangu ulivyokuwa.

Nilifika ibada imekwisha, watu wakila chakula cha mchana kwenye nyasi nyuma ya kanisa. Mimi ni Mkatoliki na nilikuwa na shati la dukani lenye harufu ya dawa ya mifugo. Akina mama walinikaribisha, nikapewa sahani kabla sijasema nimekuja kufanya nini, ndivyo walivyo. Yeye alikuwa akigawa mboga. Aliponiona aliweka mwiko chini, akajifuta mikono, akaja mpaka kwenye ukuta tulipoweza kusikilizana.

"Bwakire, Daktari," alinisalimu. Alinisalimu vizuri. Hilo liliniumiza kuliko kama angenigeuzia mgongo.

Nilianza vibaya. Nilianza na mafungu, sitini na mawili na hamsini na nane, nikamwonyesha jedwali kwenye karatasi niliyoikunja, sahani ya chakula mkono wa pili. Alisikiliza. Nilipofika kwenye yaliyopingana alinyanyua uso ghafla, akaninyang'anya karatasi.

"Hayakugeuzwa," alisema.

"Hayakugeuzwa."

"Lakini programu inageuza."

Nikamwambia nilikwisha kuiondoa sehemu hiyo. Nikamwambia sai ilikuwa herufi. Ile ya Kigiriki.

Watoto walikuwa wakikimbizana nyuma yetu.

"Sai si ni saa hii?" aliniuliza, na alikuwa akiniuliza kweli, kama mtu anayeomba aambiwe kwamba ardhi bado iko chini ya miguu yake. Nikasema ndiyo, ni saa hii. Nikasema kosa ni langu. Alianza kucheka, kicheko kidogo cha mshtuko, mkono mdomoni, na machozi yakawa yanakuja humo humo ndani ya kicheko, nami nilisimama na sahani yangu sijui niitue wapi. Aliniambia Ijumaa alikwenda kwa mkuu wa shule kurudisha ruhusa ya siku ya utetezi. Alimwambia haitahitajika. Alikuwa amewaambia watoto pia.

Nilimwambia habari ya barua, nikamwomba radhi. Nilitumia maneno yote niliyonayo, ya Kiswahili na ya Ekegusii, na niliyasema kwa moyo. Alisubiri nimalize.

"Asante," alisema. "Hiyo barua uliandikia nani?"

Nikamwambia mkuu wa idara, na kamati.

"Basi waambie wao."

Niliwaambia. Jumatatu nilisimama mbele ya watu saba nikaiondoa barua yangu na nikaeleza sababu bila kujificha nyuma ya neno la Kigiriki. Wengine walicheka sana, na kweli kisa kinachekesha, hata mimi leo nakisimulia watu wakashika mbavu. Mkuu wa idara hakucheka. Alisema tu kwamba Ijumaa nilikuwa na hakika.

Alitetea tasnifu yake siku ile ile iliyopangwa. Hakuyarudia majaribio. Aliyaweka yale yale mia moja na ishirini, kwanza yote kwa pamoja, takataka, kisha yakiwa yamegawanywa kwa jibu la kituo cha kati, na mtahini wa nje aliyekuwa akichezea miwani yake aliiacha miwani. Akamuuliza kama kugeuza baada ya kupima kunatosha. Akajibu kwamba kwa kipimo cha wima kunatosha, unageuza jibu kwenye karatasi badala ya chembe, mradi mtu wa kati hajatupa kumbukumbu zake. Hakunitazama aliposema hivyo. Alifaulu, na ile nafasi akaipata. Sasa ofisi yake iko milango miwili kutoka kwangu.

Wiki iliyofuata utetezi ilipita fomu, kwa sababu aliomba makala zitakazotoka kwenye tasnifu zisimamiwe na mtu mwingine, na msimamizi wa zamani lazima atie sahihi. Niliikuta mezani kwangu. Fomu zetu zote ni za Kiingereza na watu huzijaza kwa Kiingereza. Mahali pa jina, tarehe na idara alikuwa amejaza hivyo hivyo. Chini, kwenye nafasi ya mistari mitano iliyoachwa kwa ajili ya sababu, alikuwa ameandika neno moja la Kiswahili, kwa mwandiko ule wa ubaoni.

"Hakuniuliza."

Nilitia sahihi.